Moli Zilizoingia, Moli Zilizomo: Namna ya Kukagua Hesabu ya Kuzimua Asidi

Ndugu walimu wa kemia, mafundi sanifu wa maabara, nanyi vijana mlio kwenye mafunzo, hamjambo. Nimepewa nusu saa, nami nitaitumia yote kwa chupa moja ya asidi hidrokloriki na flaski moja ya lita.

Kazi yenyewe mnaijua. Kesho kidato cha nne wana titrisheni, na mwalimu anataka lita 1 ya asidi hidrokloriki ya 0.1 M. Kabatini kuna myeyusho wa akiba wa 2 M. Fundi anachukua karatasi, anaandika C1V1 = C2V2, anaingiza tarakimu zake, anapata mililita 50. Sasa mwalimu anamwambia, "Hebu kagua." Fundi anafanya nini? Mara nyingi anabonyeza kikokotoo kilekile, kwa kanuni ileile, kwa tarakimu zilezile, na mililita 50 zinarudi tena. Hapo amerudia hesabu tu, hajaikagua. Kama tangu mwanzo alielewa vibaya V2 ni ujazo wa kitu gani, ataelewa vibaya mara ya pili pia, na majibu mawili yanayofanana yatampa imani ambayo hakuistahili.

Kukagua ni kuweka kanuni pembeni na kuuliza swali moja: moli ngapi za asidi zilitoka kwenye chupa ya akiba, na moli ngapi zimo kwenye flaski sasa? Tulichoongeza ni maji, na maji hayakuja na asidi wala hayakuondoka na asidi. Kwa hiyo idadi hizo mbili lazima ziwe moja. Kuna mtu hapa atanibishia kwamba HCl ikiwa majini si HCl tena, imeachana na kuwa ioni. Ni kweli. Basi ahesabu ioni za kloridi: zilizopanda kwenye pipeti ndizo zilizoshuka kwenye flaski, na humo ndani hazina pa kwenda. Ukolezi umeshuka kwa sababu zimepata nafasi kubwa zaidi.

Tuipige hesabu hii taratibu. Upande wa kabla: pipeti imechukua mililita 50, yaani lita 0.050, za myeyusho wenye moli 2 kwa kila lita. 0.050 × 2 = 0.100. Moli 0.100 zimetoka kwenye chupa. Upande wa baada: flaski ina lita 1.000 na tunataka moli 0.1 kwa kila lita. 1.000 × 0.1 = 0.100. Moli 0.100 zinatakiwa ziwemo. Zimelingana, tuendelee.

Mtaniambia hiyo ni C1V1 = C2V2 ileile iliyovunjwa vipande viwili. Kwa herufi, ndiyo. Kwa namna inavyofanywa, hapana, na tofauti iko hapa: upande wa kabla nimeupata kwa kusoma lebo ya chupa na alama ya pipeti, na upande wa baada kwa kusoma flaski yenyewe na ombi la mwalimu. Sikuchukua jibu la upande mmoja kulitengenezea upande wa pili. Kila upande umesimama kwa miguu yake, kwa hiyo ukikosewa mmoja, mwingine utausuta. Mimi napenda kazi hii wafanye watu wawili: mmoja aandike moli za kabla, mwingine asiyeiona karatasi ya mwenzake aende kwenye flaski na ombi la mwalimu, aandike moli za baada. Kisha ndipo karatasi zikutane mezani.

Faida yake ya kwanza ni kwamba moli ni kitu, si tarakimu tupu, na kitu unaweza kukihoji. Chukua kosa la vipimo. Mtu anazidisha 50 kwa 2 anapata 100, anaandika "moli 100". Moli 1 ya HCl ina uzito wa gramu 36.5. Moli 100 ni zaidi ya kilo tatu na nusu za HCl, ndani ya mililita 50 ambazo unazishika kwa mkono mmoja! Haiwezekani. Zile ni milimoli 100. Au mwingine kageuza sehemu juu chini, akapata kwamba myeyusho mpya ni 40 M. Mpeleke upande wa baada: lita 1 ya 40 M ina moli 40. Zilizoingia ni 0.1. Hizo nyingine zimetoka wapi, bombani? Hata asidi iliyokolea kabisa, ile inayotoa moshi ukifungua kizibo, haizidi sana 12 M. Jibu kama hilo halihitaji hata kikokotoo kulikataa.

Makosa hayo mawili ni rahisi kuyaona. Kuna mengine mawili yenye adabu zaidi, yanayopita mbele ya macho ya watu makini, na hayo ndiyo ninayotaka tukae nayo.

La kwanza ni la maji. Fundi amepata mililita 50 sawasawa. Anazimimina kwenye chombo, anapima mililita 1000 za maji yaliyokenekwa kwa silinda, anamimina juu yake, anakoroga. Hesabu yake ya karatasini ilikuwa sahihi, lakini mikono imefanya kitu kingine. Karatasi ilisema ujazo wa mwisho uwe mililita 1000. Yeye ameweka maji mililita 1000. Sasa hesabuni moli. Zilizoingia ni 0.100, hazikubadilika. Ila zimekaa kwenye mililita 1050, siyo 1000. 0.100 gawanya kwa 1.050 ni 0.0952 M. Amepungukiwa karibu asilimia 5. Na angekagua kwa kanuni angeona kila kitu kiko sawa, maana kanuni iko karatasini na karatasi haina kosa. Ukaguzi wa moli unamlazimisha atazame chombo chenyewe: moli ngapi zimo humu, na humu ni ujazo gani? Akitazama, ataona kioevu kimepita alama.

Ndiyo maana tunatumia flaski yenye alama moja shingoni. Unaweka asidi, unaongeza maji hadi karibu na shingo, unazungushazungusha, unaliacha joto litoke, kisha unamalizia kwa kidondoshi mpaka sehemu ya chini ya mbinuko iguse alama. Hujali umetumia maji kiasi gani. Sidhani kama kuna sababu ya kuyapima kabisa. Miyeyusho hailazimiki kujumlika ujazo: ukichanganya mililita 50 za ethanoli na mililita 50 za maji hupati 100, unapata kama 96 hivi. Kwa asidi yetu ya 2 M tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini tabia ya kujumlisha maji itakuponza siku utakayoshika asidi iliyokolea au pombe. Moli zinajumlika bila wasiwasi. Ujazo ni wa kupima pale unapoishia.

Wenzetu wa vituo vya afya wana njia yao, na ni sahihi pia. Wanapozimua klorini ya 3.5% ili kupata 0.5% ya kusafishia, wanasema sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 6 za maji. Mbona 6 na siyo 7, wakati 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7? Kwa sababu 7 ni sehemu zote baada ya kuchanganya, na moja kati yake ni klorini yenyewe. Pigeni hesabu ya kitu kilichomo: sehemu 1 ya 3.5% ina 3.5, sehemu 7 za 0.5% zina 3.5. Zimelingana. Anayeweka maji sehemu 7 amefanya kosa lilelile la fundi wetu.

Kosa la pili ni la kuhesabu moli za mahali pasipo pake. Hili huja pale uzimuaji unapofanywa kwa hatua mbili, na shuleni tunalazimika kufanya hivyo pale pipeti ndogo au flaski kubwa inapokosekana. Tuseme fundi anachukua mililita 10 za 2 M, anazijaza maji hadi mililita 100. Amepata 0.2 M. Kisha anachukua mililita 50 za huo wa pili, anazijaza hadi mililita 100. Amepata 0.1 M. Sasa anajikagua kwa moli. Kabla ya yote: 10 × 2 ni milimoli 20. Mwisho wa yote: 100 × 0.1 ni milimoli 10. Haa! Nusu ya asidi imepotea. Nimeona watu wakifuta hesabu sahihi kabisa kwa sababu ya tofauti hii, wakaanza upya.

Hakuna kilichopotea. Milimoli 10 nyingine bado ziko kwenye flaski ya kwanza, kwenye zile mililita 50 zilizobaki. Jumlisha: 10 zilizobaki na 10 zilizokwenda ni 20. Dawa ya hapa ni kuukagua kila mmiminiko peke yake. Kila pipeti inapopanda na kushuka, anza ukurasa mpya: moli zilizomo ndani ya pipeti hii, siyo ndani ya chupa nzima. Chupa ya akiba inaweza kuwa na lita 1, inaweza kuwa na lita 5, haituhusu. Zinazotuhusu ni moli zilizovuka kwenda upande wa pili. Mkizoea kuandika hivyo, hata hatua tatu nne hazitawachanganya, na kosa likitokea mtajua limetokea kwenye hatua gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ukaguzi huu hauwezi kulifanya, maana nikilinyamazia mtanilaumu. Moli za upande wa kabla nimezitoa kwenye lebo. Lebo ikisema uongo, pande zote mbili zitalingana vizuri sana, na myeyusho utakuwa si wenyewe.

Chukueni ule myeyusho wa akiba wa 2 M. Ulitoka wapi? Ulitengenezwa kutoka kwenye chupa ya asidi iliyokolea. Kwenye lebo ya chupa ile hukuti "12 M". Unakuta asilimia ya uzito, tuseme 36%, na msongamano, tuseme gramu 1.18 kwa mililita. Lita 1 basi ina uzito wa gramu 1180. Asilimia 36 yake ni gramu 424.8 za HCl. Gawanya kwa 36.46 unapata moli 11.65. Fundi aliyekariri kwamba asidi iliyokolea ni 12 M atahitaji moli 2 kwa lita yake ya akiba, atagawanya 2 kwa 12, atachukua mililita 167. Kwa chupa hii alitakiwa kuchukua 172. Alichokipata ni moli 167 × 11.65 ÷ 1000, yaani 1.95. Ameandika 2 M kwenye lebo, na kila kitakachozimuliwa kutoka humo kitakuwa pungufu kwa asilimia 3. Ukijumlisha na kwamba HCl ni gesi inayotoroka kila chupa ikifunguliwa, chupa iliyokaa miaka kabatini na kizibo kilicholegea inaweza kuwa dhaifu kuliko lebo yake hata kama uliisoma vizuri.

Hapa ndipo moli zinapovunja sheria niliyowapa. Nilisema zilizoingia ndizo zilizomo. Hiyo ni kweli maadamu hakuna kinachotoroka, hakuna kinachoungana na kitu kingine, na hakuna kinachoganda chini. Klorini ya kusafishia inaoza yenyewe polepole, na jua na joto vinaiharakisha. Moli za leo si moli za mwezi ujao. Sodiamu haidroksidi iliyoachwa wazi inavuta kaboni dioksidi ya hewani na kupungua. Kuzimua kwenyewe kunachukua dakika chache, kwa hiyo sheria inasimama ndani ya dakika hizo. Isitumiwe kuunganisha lebo ya mwaka jana na flaski ya leo.

Kwa hiyo hesabu ya karatasini inahitaji mwenzake, naye ni bureti. Tengeneza myeyusho wa sodiamu kaboneti ya 0.05 M: gramu 5.30 za ile isiyo na maji, iliyokaushwa na kupozwa, kwenye lita 1. Chukua mililita 25.0 kwa pipeti. Hizo ni milimoli 1.25. Kila moli ya kaboneti inakula moli 2 za asidi, basi zinahitajika milimoli 2.5 za HCl. Kama asidi yako ni 0.1 M kweli, methili oranji itabadilika rangi bureti ikisoma mililita 25.0. Kama fundi alimimina maji mililita 1000 badala ya kujaza hadi 1000, ile asidi ya 0.0952 M itasoma 26.25. Na kama akiba ilikuwa 1.95 M, ukijaza vizuri utapata 0.0975 M, na bureti itasoma 25.6. Makosa mawili tofauti, kila moja na alama yake, na yote mawili yako mbali kuliko jicho linavyoweza kukosea kwenye bureti.

Ukisoma kitu cha ajabu kama mililita 9.3, usiilaumu asidi. Angalia kopo la kaboneti. Huenda ni ile ya fuwele yenye molekuli 10 za maji, ambayo moli 1 ni gramu 286 badala ya 106, na gramu 5.30 zako zimebeba zaidi ya theluthi moja tu ya moli ulizodhani. Kumbe upande wa kaboneti nao una moli zake za kukagua.

Na kuna dalili nyingine ambayo watu huidharau. Masomo yanapanda au kushuka kwa mpangilio: 27.4, kisha 26.1, kisha 24.8, wakati mkono ni uleule. Mara nyingi flaski haikutikiswa. Asidi nzito imekaa chini, maji yamekaa juu, na kila ukimimina unapata tabaka tofauti. Moli zote zimo, hakuna iliyopungua, hesabu ya kabla na baada imelingana. Ila hazikugawana nafasi sawa. Flaski ifungwe kizibo, igeuzwe kichwa chini miguu juu mara nyingi, mpaka ile mistari kama ya mafuta inayocheza ndani isionekane tena.

Kuna swali lilitoka upande wa nyuma, na nadhani ndilo bora kuliko yote niliyopanga kusema. Mwalimu mmoja ameuliza: yule fundi aliyeongeza maji hadi 1050, amwage? Asidi ni ghali na wanafunzi wako mlangoni.

Asimwage. Moli zilezile zilizomwonyesha kosa zitamwonyesha njia. Ana milimoli 100 kwenye mililita 1050. Myeyusho wa 0.1 M wa ujazo huo ungekuwa na milimoli 105. Amepungukiwa 5. Haraka haraka mtu atasema aongeze mililita 2.5 za akiba ya 2 M, maana zina milimoli 5. Karibu, lakini siyo kabisa, kwa sababu hizo mililita 2.5 nazo zinaongeza ujazo, na ujazo huo nao unadai asidi yake. Tuite tunachoongeza x. Moli zote zitakuwa 100 + 2x, ujazo wote 1050 + x, na tunataka uwiano wake uwe 0.1. Kwa hiyo 100 + 2x = 105 + 0.1x, na x inatoka 2.63. Tukague, maana ndicho kilichotuleta: mililita 2.63 za 2 M ni milimoli 5.26, jumla ni 105.26, ujazo ni 1052.63, gawanya, ni 0.1000. Akoroge vizuri, arudie titrisheni, asubiri 25.0.

Ila kama alikwishatumia sehemu ya myeyusho kusuuzia na kujaza bureti, zile milimoli 100 haziko tena zote. Apime kwanza kilichobaki. Kikiwa mililita 990, moli zilizomo ni 990 × 0.0952, kama milimoli 94.3, na x inakuwa karibu 2.5. Mkubwa au mdogo, ujazo wa kuanzia ni ule ulioko mezani saa hiyo, na hata baada ya kuongeza, lebo iandikwe kwa kile bureti ilichosoma, pamoja na tarehe.